Kumfuta Mbwa Katikati ya Sentensi

Mahojiano yanakwenda vizuri. Chumba kimetulia, maiki iko karibu na mdomo wa msemaji, na kila neno linasikika. Msemaji anapofika kwenye sentensi ambayo mtayarishaji alikuwa akiisubiri, simu iliyosahauliwa mezani inalia, au mbwa wa jirani anabweka mara moja. Kwa miaka mingi fundi sauti hakuwa na la kufanya ila kuikata sentensi hiyo, au kushusha sauti mahali pale, na neno likashuka pamoja na mbwa. Leo anaweza kumtoa mbwa na kuliacha neno, kwa sharti kwamba anaelewa nini kinachoweza kutoka na nini hakiwezi.

Kazi hii hufanywa juu ya picha ya sauti iitwayo spektogramu. Muda unakwenda kutoka kushoto hadi kulia. Sauti nzito ziko chini, nyembamba ziko juu, na palipo na nguvu nyingi panang'aa zaidi. Programu ya bure ya Audacity huionyesha ukichagua `Spectrogram` kwenye menyu ya wimbo. Programu ya kulipia ya iZotope RX, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2007, imejengwa kwa ajili ya kazi za namna hii.

Sauti ya binadamu ina umbo lake katika picha hiyo. Mwanamke anayezungumza kwa kawaida hutoa mstari wa chini karibu na hezi 200, na juu yake mistari mingine kwa nafasi sawa: 400, 600, 800 na kuendelea. Hiyo ndiyo irabu. Herufi kama S haina mistari. Ni wingu lililokaa juu sana, sehemu kubwa yake ikiwa zaidi ya hezi 4,000.

Mlio wa simu wa toni tupu ndio rahisi. Huonekana kama mistari michache myembamba, iliyonyooka kabisa, isiyopanda wala kushuka. Sauti ya mtu haitulii hivyo, kwa hiyo jicho huitambua simu mara moja. Unachora kisanduku chembamba juu ya mstari mmoja, unaufuta, kisha unakwenda kwenye mwingine. Katika Audacity, ukiwa umewasha `Enable Spectral Selection` kwenye mipangilio ya spektogramu, unachagua kisanduku na kutumia `Spectral Delete`. Utepe mwembamba ukitoka, sikio haliuoni upungufu kwa sababu irabu ina mistari mingine mingi inayolibeba neno. Simu inayolia wimbo mzima ni ngumu zaidi, kwani mistari yake hupanda, hushuka na kuzidi kwa wingi.

Mbwa ni habari nyingine. Mbweko mmoja unaweza kuchukua robo ya sekunde au pungufu, lakini huanza kwa kishindo kinachotapakaa kutoka chini hadi juu, kisha hufuata mistari inayoinama kwenda chini, na nguvu yake kubwa iko palepale zilipo irabu zetu. Ukichora kisanduku kimoja kikubwa juu ya mbweko na kufuta, umefuta pia neno.

Tuseme mfanyabiashara wa kike anasema, "Bei ya samaki imepanda," na mbwa amebweka juu ya neno "samaki," kuanzia mwisho wa S hadi K. Mhariri mzoefu haanzii palipo na kelele kubwa. Anaanzia kwenye K. Ili kuitamka K, mdomo huziba pumzi kwa muda mfupi sana, na katika muda huo msemaji hatoi karibu sauti yoyote. Chochote kinachong'aa hapo ni mbwa na mwangwi wake. Hapo unaweza kuondoa kila kitu bila woga, kisha ukajaza ukimya wa chumba kilekile. Usiache ukimya mtupu wa kompyuta, kwa sababu sikio husikia shimo haraka kuliko linavyosikia mbwa hafifu.

Baada ya hapo nenda kwenye S. Wingu lake liko juu, mbwa yuko chini zaidi, basi futa chini na uliache wingu. Ndipo urudi kwenye irabu A, ambako kazi inakuwa ya kuchambua kama mchele: unatafuta mistari inayoinama ya mbwa katikati ya mistari ya sauti iliyopangana sawasawa, na unaigusa hiyo tu. Mistari miwili inapokutana, usifute. Punguza. RX ina njia iitwayo `Attenuate` ndani ya `Spectral Repair`: hutazama sauti iliyo kabla na baada ya eneo ulilochagua, kisha hushusha kilichozidi. Audacity ina `Spectral edit parametric EQ`, ambayo inakuruhusu kushusha kwa kiasi, kwa mfano desibeli 12. Mbwa aliyeshushwa kiasi hicho mara nyingi hufunikwa na irabu yenyewe.

Kuna kikomo ambacho hakuna programu inayokivuka. Mwanafizikia Dennis Gabor alikieleza mwaka 1946: kadiri unavyoijua sauti iko kwenye masafa gani, ndivyo unavyopoteza uhakika wa ilianza lini, na kinyume chake. Katika mipangilio, kikomo hicho kinaonekana kama ukubwa wa dirisha. Kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, dirisha la 8,192 hutazama karibu milisekunde 170 kwa pamoja. Mistari ya simu inakuwa myembamba na safi, lakini mwanzo wa mbweko unapakazika. Dirisha la 512 hutazama kama milisekunde 11. Kishindo cha mbwa kinaonekana wazi, lakini mistari ya sauti inaungana. Kwa hiyo tazama simu kwa dirisha kubwa na kishindo cha mbwa kwa dirisha dogo, na ubadilishe kadiri unavyoendelea.

Utajuaje kwamba umezidisha? Neno linaanza kusikika kama limesemwa chini ya maji, au vilio vidogo vya kengele vinabaki palipokuwa na mbweko. Kipimo cha hakika zaidi ni kusikiliza ulichokitoa. Weka nakala ya awali na nakala uliyohariri sambamba, geuza moja kwa `Invert`, kisha zicheze pamoja. Kinachosikika ni tofauti kati yao. Ukisikia mbwa peke yake, kazi ni nzuri. Ukisikia "samaki" ndani yake, umemchukua msemaji pamoja na mbwa, basi rudi nyuma na uguse kidogo zaidi.

Kosa jingine la kawaida ni kusahau mkia. Chumba kina mwangwi, na mbwa huendelea kusikika baada ya mbweko kwisha. Ukimfuta mbwa na kuuacha mwangwi, msikilizaji atahisi kitu kisichoeleweka kikipita. Fuata mistari hafifu hadi inapozama kabisa.

Na ikiwa mbwa ameangukia juu ya irabu kwa nguvu kuliko sauti ya msemaji, acha kufuta. Tafuta "samaki" nyingine katika mahojiano hayohayo, iliyosemwa kwa mwendo na kimo kilekile, uichukue. Ndiyo sababu kila anayerekodi anapaswa kuhifadhi faili lote bila kulikata, na kabla ya kuondoka arekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba. Sekunde hizo hazimgharimu chochote, na ndizo zitakazoziba pengo mbwa akishatoka.