Chapa Ndani, Soli ya Mwingine

Zombe, Kitui, siku ya soko, fundi mmoja aliletewa kiatu cheusi cha ngozi. Ndani mna chapa ya Bata, kampuni yenye kiwanda Limuru. Mwenyewe akasema, "Chake hiki, kishone soli mpya."

Fundi akakipindua. Soli haikuwa na jina lolote. Akabandua kitambaa cha ndani, akapapasa ukingo: matundu ya sindano mistari miwili. Basi, ndugu msomaji, kiatu kilishashonwa soli nyingine na mkono mwingine. Chapa ilishuhudia ndani tu.

Ngozi ya juu ilikuwa nzima, hata penye mkunjo wa vidole. Lakini akivuta ukingo wa ndani, unachanika baina ya matundu. Uzi ungeshika nini? Mshono wa tatu akaukataa; akapaka gundi, akabandika nusu soli nyembamba.