Karatasi ya Jioni: Kumbukumbu Zinazookoa Filamu

Mwaka 1991 kijana wa Teksasi, Robert Rodriguez, alivuka mpaka hadi mji wa Ciudad Acuña, Meksiko, kupiga filamu iitwayo El Mariachi. Bajeti yake ilikuwa kama dola 7,000, na sehemu ya fedha hizo aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa katika kituo cha utafiti. Mwaka 1993 filamu ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Wengi wanaijua habari hiyo. Wasioijua wengi ni shajara aliyokuwa akiiandika wakati wote wa kazi, ambayo mwaka 1995 ilitoka kama kitabu.

Shajara hiyo inaeleza kwa nini mambo yalifanyika namna yalivyofanyika, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Kamera ya kuazima ilikuwa na kelele, kwa hiyo sauti haikuweza kurekodiwa pamoja na picha. Baada ya kupiga picha, waigizaji walirudia maneno yao mbele ya kinasa sauti. Kwenye uhariri, kila midomo na maneno vilipoanza kupishana, Rodriguez alikata na kuonyesha sura nyingine. Kasi ya filamu ile, iliyosifiwa sana baadaye, kwa kiasi fulani ilitokana na kelele ya kamera. Anayeona matokeo tu ataiga kukata picha harakaharaka. Aliyesoma sababu atajua tatizo lililokuwa likitatuliwa, na kama yeye analo au hana.

Kwenye filamu kubwa kazi hii hugawanywa. Wasaidizi wa mwongozaji huandaa ripoti ya kila siku: watu waliitwa saa ngapi, shoti ya kwanza ilipigwa saa ngapi, chakula kililiwa lini, kazi ilifungwa saa ngapi, sini zipi zimekamilika na zipi zimebaki, nani aliumia, kifaa gani kiliharibika. Msimamizi wa uzalishaji huisoma na kuitia saini. Kwenye filamu ndogo za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mtu mmoja anaweza kuijaza karatasi hiyo kwa dakika ishirini, mradi aijaze jioni ileile. Ikifika kesho kutwa, saa zimeshachanganyika na kila mtu anakumbuka kilichomfaa.

Kipimo kinachoshangaza wageni ni kile cha kurasa. Ukurasa wa skripti hugawanywa mafungu 8, kwa kuwa sini moja inaweza kuwa ya mistari mitatu na nyingine ya kurasa mbili, na kuhesabu sini peke yake hudanganya. Tuchukue mfano wa kubuni: skripti ya kurasa 80, ipigwe Bagamoyo kwa siku 16. Hiyo ni kurasa 5, yaani mafungu 40 kwa siku. Siku ya nne ripoti inaonyesha mafungu 31. Pengo la 9 linaonekana dogo, lakini likijirudia siku nne linakuwa 36, karibu siku nzima ya kazi, na siku hiyo ina posho, mafuta na kodi ya kamera.

Sasa sababu. Ripoti inaweza kusema “tumechelewa”, na neno hilo halimsaidii yeyote. Tuseme sini kubwa ya pwani, ngalawa ikiwa imekwama mchangani, ilipangwa Jumatatu ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi. Jenereta haikufika, sini ikasogezwa Alhamisi, na ratiba mpya ikabaki na saa 4 ileile. Bahari haifuati ratiba. Maji kupwa huchelewa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo Alhamisi yanakupwa kama saa 6 na nusu mchana. Watu wamekaa kivulini saa mbili na nusu wakisubiri. Mchanga ulipoonekana, jua lilikuwa utosini na macho ya waigizaji yamezama kwenye kivuli cha paji la uso. Tena bamvua ilikuwa inapungua, na maji hayakurudi mbali kama Jumatatu.

Shajara nzuri ingeandika hivi: jenereta haikufika kwa sababu hakuna aliyempigia mwenye nayo jioni iliyotangulia, sini ilisogezwa na mwongozaji pamoja na prodyuza, hakuna aliyetazama jedwali la maji, mvuvi wa hapo aliwaambia saa tatu asubuhi kwamba wangesubiri. Mistari minne tu. Mradi ujao unapata kutoka hapo kazi mbili mahususi: simu ya jioni, na jedwali la maji kubandikwa kando ya ratiba. Jina la aliyeamua huandikwa pia, si kwa ajili ya kumsuta, bali ili mhariri akikuta nuru isiyolingana ajue amuulize nani.

Upande wa fedha, kosa linalorudiwa zaidi ni kuhesabu zilizotoka mfukoni na kuacha zinazodaiwa. Katika shuti hiyohiyo ya Bagamoyo, chakula kilipangiwa shilingi 300,000 kwa siku, jumla 4,800,000. Watu wakaongezeka, gharama halisi ikawa 350,000. Jioni ya siku ya nane mama lishe amelipwa siku sita, shilingi 2,100,000. Prodyuza anatazama daftari: nusu ya kazi imekwisha, nusu ya bajeti ni 2,400,000, kwa hiyo anaona amebakiza 300,000, na huenda akaamua kukodi taa ya ziada. Ukweli ni kwamba chakula kilicholiwa ni cha 2,800,000. Amezidisha 400,000, na kwa mwendo huo atafunga na 5,600,000.

Ndiyo maana taarifa ya gharama huwa na safu zaidi ya moja: bajeti, kilicholipwa, kinachodaiwa, na makadirio ya kumalizia. Safu ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu inamtaka mtu akiri mapema kwamba fedha hazitatosha. Ikijazwa kila jioni, siku ya tatu bado kuna nafasi ya kupunguza watu au kuunganisha lokesheni mbili. Siku ya kumi na nne kinachobaki ni kukopa.

Ripoti ya kufunga huja mwishoni, na mara nyingi haiandikwi kabisa, kwa kuwa kila mtu amechoka na ana kazi nyingine Jumatatu. Inafaa ianze kabla watu hawajatawanyika. Ndani yake huwekwa gharama za mwisho zikilinganishwa na bajeti kifungu kwa kifungu, vilivyorudishwa na vilivyopotea, amana zilizorejeshwa, mikataba ya waigizaji, nakala ya kibali cha Bodi ya Filamu kama kazi ilifanyika Tanzania, na mahali zilipo diski za picha. Diski zinahitaji uangalifu wa pekee: ziandikwe ngapi, anazo nani, na kama nakala ya pili imefunguliwa na kuchezwa. Nakala ambayo hakuna aliyeifungua inaweza kuwa tupu, na likigundulika hilo mwezi mmoja baadaye, kadi za kamera zimeshafutwa.

Sehemu ya masomo ndani ya ripoti hiyo huharibika kirahisi. “Mawasiliano yaboreshwe” huonekana karibu kila mahali na hakuna anayejua afanye nini nalo. Huwa bora timu ikifungua karatasi za jioni, ichague siku tatu zilizokuwa na pengo kubwa la mafungu, na kwa kila moja iandike chanzo, gharama na kitakachobadilishwa. Kwa shuti ya Bagamoyo, Alhamisi ile ingekuwa ya kwanza, ikiwa na saa mbili na nusu za kusubiri maji na siku ya mahitaji kwa timu nzima. Mstari wa chakula nao ungesomeka 350,000 kwa siku, na hiyo ndiyo tarakimu ya kuandika kwenye bajeti inayofuata.