Mpangaji wa mwezi au wageni wa siku? Hesabu ya nyumba ya vyumba viwili Mafiga

Mama mmoja mstaafu wa Mafiga, Morogoro, ana nyumba ndogo ya vyumba viwili pembeni ya ile anayoishi. Mpangaji wake ni mwalimu, amekaa miaka minne na hulipa shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Kodi hiyo ndiyo ada ya mjukuu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam anataka mwalimu apewe notisi, nyumba iwekwe samani, ipangishwe kwa siku kupitia Airbnb na Booking.com. "Mama, elfu hamsini kwa usiku, mara siku thelathini, ni milioni moja na nusu," alimwambia. Mama akamjibu, "Sawa baba, lakini hao wageni wa siku zote thelathini umewaona wapi?"

Swali la mama ndilo lenye pesa ndani yake. Tulikaa nao tukapiga hesabu, kwa bei walizoulizia wenyewe mjini. Msomaji mwenye nyumba anaweza kuweka za kwake.

Tuanze na mwalimu. Laki tatu si laki tatu kamili. Mpangaji akihama, nyumba hukaa wazi wiki kadhaa, hivyo tuhesabu miezi 11 kwa mwaka: shilingi 3,300,000. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, zinabaki 2,970,000. Toa rangi na matengenezo, tuseme 150,000. Zinabaki 2,820,000, sawa na 235,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pesa ambayo wageni wa siku wanapaswa kuishinda.

Wageni nao wana gharama zinazokuja hata nyumba ikilala tupu. Kitanda, godoro, seti tatu za mashuka, friji, runinga, jiko la gesi, mapazia na makochi vilifika shilingi 4,800,000. Vikidumu miaka minne (na kwa wageni wanaobadilika kila siku mbili havidumu zaidi), ni 100,000 kwa mwezi. Intaneti 60,000. Maji, ulinzi na takataka 60,000. Kijana wa kupokea wageni saa nne usiku, maana mama hawezi kukesha, 80,000. Jumla 300,000.

Ukijumlisha na zile 235,000 za mwalimu, nyumba inatakiwa ilete shilingi 535,000 kila mwezi ndipo mama awe pale pale alipokuwa. Faida huanza baada ya hapo.

Sasa usiku mmoja wa shilingi 50,000 unaacha nini? Kamisheni ya jukwaa, tukichukua asilimia 15, ni 7,500. Kwa kodi na ushuru tulitenga asilimia 10, yaani 5,000. Kiasi halisi na leseni inayohitajika huulizwa TRA na Manispaa kabla ya kununua hata shuka moja. Umeme 3,000, sabuni, karatasi za chooni na maji ya kunywa 1,500. Zinabaki 33,000.

Umeme wasiuchukulie kijuujuu. Nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hununua LUKU kwa bei nafuu. Mgeni anayelala na kiyoyozi kikiwaka na maji ya moto asubuhi huivusha mita mpaka huo, na uniti zinazozidi hulipiwa zaidi ya shilingi 350 kila moja. Mwalimu alikuwa akijinunulia mwenyewe.

Gharama ambayo kijana hakuiweka kabisa ni usafi na kufua. Hii hailipwi kwa usiku, hulipwa kwa kila mgeni anayeondoka: 12,000. Mgeni wa usiku mmoja anaila yote peke yake, na usiku wake unaacha 21,000 tu. Akikaa usiku mbili, kila usiku unaacha 27,000. Akikaa minne, 30,000.

Gawanya 535,000 kwa 27,000. Jibu ni usiku 20 kwa mwezi, yaani theluthi mbili ya siku zote. Kama wageni wengi ni wa usiku mmoja, wa kushuka Msamvu jioni na kupanda basi alfajiri, unahitaji usiku 26. Wa usiku minne, 18 zinatosha. Bei mlangoni ni ile ile.

Kijana akapendekeza washushe bei hadi 40,000 ili nyumba ijae. Hapa ndipo wengi huumia. Kamisheni na kodi hupungua kidogo, lakini umeme, sabuni na dobi havijui kwamba umeshusha bei. Kwa wageni wa usiku mbili kinabaki 19,500, na sasa unahitaji usiku 28. Umepunguza bei kwa elfu kumi, umejiongezea usiku nane wa kazi. Kwa 30,000 hesabu inatoka usiku 45, na mwezi huo haujawahi kuwepo. Kwa 60,000 zingetosha 16, lakini hapo mgeni anailinganisha nyumba yako na hoteli yenye chai ya asubuhi na maegesho.

Basi, je, Mafiga ina usiku 20? Wikiendi pekee, Ijumaa na Jumamosi, ni usiku nane hadi kumi kwa mwezi, na hata zikijaa zote bado 10 hadi 12 lazima zitoke katikati ya wiki. Nane Nane, kuanzia Agosti 1 hadi 8, hujaza mji, na mahafali ya SUA nayo huleta wazazi. Hizo ni siku chache ndani ya mwaka unaohitaji usiku 240. Masika yakileta Aprili ya usiku 10, kuna mwezi mwingine unaodaiwa usiku 30.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, watu huitaja kama baraka tupu kwa wenye nyumba. Mimi naiona kama kisu chenye makali pande mbili. Inamleta mtu wa mkutano asubuhi, lakini pia inamrudisha kwake jioni, na kitanda chako hakimhitaji.

Anayelala Jumanne Mafiga ni mtu mwenye kazi yake: mtafiti wa SUA, mkaguzi aliyetumwa mkoani, fundi wa mradi. Huyu mara nyingi hukaa wiki mbili tatu, na anaweza kuja kwa simu bila jukwaa. Mpe usiku kwa 35,000. Hakuna kamisheni, shuka hubadilishwa mara moja kwa wiki, na kinachobaki ni kama 25,000. Usiku 22 za mtu mmoja wa aina hiyo zinafanya kazi ya usiku 20 za wageni wa elfu hamsini, bila kijana kukesha getini mara kumi.

Mama ameamua mwalimu amalize miezi yake aliyokwisha kulipia. Kijana amepewa kazi ya wakati huo: kila Jumatatu afungue kalenda za nyumba tano za vyumba viwili zilizo karibu, za Mafiga na za mjini, aandike ni ngapi zimeshikwa Jumanne na Jumatano ya wiki hiyo, na kwa bei gani. Asihesabu Jumamosi. Na ile inayoonekana imeshikwa mwezi mzima aipigie simu, kwa sababu mara nyingine mwenyewe ameifunga akampangisha mtu wa mwezi.