Kikao Kimekwisha, Ujumbe Uanze

Ujumbe wa shukrani baada ya kikao cha kwanza hubeba mambo mawili: asante kwa mwenyeji, na maandishi ya yale yaliyokubaliwa, nani atafanya nini na lini. Hilo la pili ndilo gumu. Mazungumzo mengi ya Kiswahili hufungwa kwa neno "sawa", na neno hilo lina sura nyingi. Anayelitamka huenda amekubali, huenda ameelewa tu, au huenda hataki mgeni aondoke amevunjika moyo. "Tutaangalia" na "inshallah" nayo ni vivyo hivyo. Kazi ya ujumbe ni kuzichukua hizo sawa moja moja na kumrudishia aliyezisema, azithibitishe au azikatae.

Mfano ni wa fundi seremala mwenye karakana Keko, Dar es Salaam, aliyeitwa na mkuu wa shule ya sekondari ya binafsi kuzungumzia madawati 40. Kikao kilikuwa Jumanne tarehe 10 Machi 2026, saa 4 asubuhi. Alasiri ya siku hiyo hiyo fundi anatuma ujumbe huu:

"Shikamoo Mwalimu. Nashukuru kwa kunipokea leo na kunitembeza madarasani. Nilipoyaona yale madawati yaliyolegea miguu nikaelewa kwa nini unataka fremu ya chuma. Naomba niandike tuliyokubaliana.

Mwalimu utanitumia urefu wa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, mwisho Alhamisi tarehe 12 Machi. Mimi nitaleta proforma Ijumaa tarehe 13 Machi, na dawati moja la mfano Jumatano tarehe 18 Machi saa 4 asubuhi (10:00). Mwalimu utapeleka bei na mfano kwenye kikao cha bodi Jumamosi tarehe 28 Machi. Madawati yote 40 yatafika wiki 3 baada ya malipo ya awali. Malipo yakifanyika Jumanne tarehe 31 Machi, yatafika Jumanne tarehe 21 Aprili.

Hatujaamua: nani analipa usafiri na kushusha mzigo, na malipo ya awali yawe kiasi gani.

Nilipokosea naomba unirekebishe kabla ya saa 12 jioni (18:00) kesho Jumatano tarehe 11, maana Alhamisi asubuhi nanunua chuma cha dawati la mfano."

Shukrani imechukua sentensi mbili, na imetaja kitu ambacho asiyekuwepo asingekijua, yaani yale madawati yaliyolegea. Hiyo inatosha. Shukrani ndefu ya jumla jumla huzika tarehe chini kabisa, nazo ndizo mwalimu atakazozitafuta siku mbili baadaye akiwa kwenye foleni ya daladala.

Jukumu la mwalimu limetangulia, na si kwa sababu ya heshima peke yake. Bila urefu wa wanafunzi, proforma haiwezi kuandikwa, kwa kuwa dawati la mtoto mfupi na la mtoto mrefu halili mbao sawa. Kazi zimepangwa kwa namna moja inavyoifungua nyingine, kwa hiyo vipimo vikichelewa, mwalimu mwenyewe anaona kilichosogea na sababu yake. Vilevile kila kazi ina mtu wake. Sentensi kama "vipimo vitatumwa" haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe kila upande hudhani iko kwa mwenzake.

Tarehe zinataka uangalifu zaidi ya vyote. "Ijumaa ijayo" ikisemwa Jumanne, mmoja huelewa ni siku tatu mbele na mwingine huelewa ni ya wiki inayofuata. "Mwisho wa mwezi" kwa mhasibu ni tarehe 31. Kwa wengine ni siku mshahara unapoingia. Ndiyo maana fundi ameandika jina la siku pamoja na tarehe. Akikosea kimoja, havitalingana na mpokeaji atagutuka, hali tarehe peke yake ikikosewa hupita kimya. Saa nazo zina mtego wao. Saa 4 asubuhi ya Kiswahili, simu huionyesha 10:00, na anayeingiza 4:00 kwenye kalenda ataamshwa na kengele alfajiri. Ile 10:00 kwenye mabano inaondoa utata.

Dawati la mfano limewekwa Jumatano tarehe 18 kwa hesabu. Wiki hiyo Idd el-Fitr ilitazamiwa kuangukia tarehe 20 au 21, kutegemea mwandamo wa mwezi. Ahadi iliyowekwa Ijumaa ya wiki kama hiyo imejengwa juu ya mchanga.

Tarehe ya kufikisha mzigo ni ya aina nyingine, kwa sababu inategemea malipo. Kuandika "21 Aprili" peke yake kungemfunga fundi hata kama fedha zingechelewa mwezi mzima. Kuandika "wiki 3 baada ya malipo" peke yake kungemwacha mwalimu bila siku ya kuwaambia wajumbe wa bodi. Fundi ameandika kanuni, kisha akaifanyia hesabu mara moja.

Aya ya "hatujaamua" ndiyo huachwa mara nyingi, na kuiacha ni kosa ghali. Fundi alipotaja nusu ya bei kama malipo ya awali, mwalimu alijibu "tutaangalia". Kishawishi cha kuiandika nusu hiyo kama makubaliano ni kikubwa. Msomaji makini huona mara moja kwamba amewekewa maneno mdomoni, na akishaona moja huanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli. Jambo jipya ambalo halikuzungumzwa kikaoni huandikwa peke yake, kama ombi.

Jibu nalo lina namna ya kusomwa. "Asante, nimeipata" inathibitisha kupokea tu. Ndiyo maana ujumbe umetoa saa ya mwisho ya marekebisho pamoja na sababu yake, yaani ununuzi wa chuma. Kukiwa kimya, simu moja Jumatano jioni inatosha: "Mwalimu, naendelea kama nilivyoandika?" Kimya chenyewe kisihesabiwe kuwa ndiyo. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa simu unaweza kufika mahakamani. Ila kama uliandikwa na upande mmoja na haukujibiwa, kinachoonekana wazi humo ni yale upande huo uliyoamini.

Mabadiliko huandikwa upya, na ujumbe wa kwanza huachwa ulivyo. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, muda unaotosha kusahihisha tarakimu iliyoteleza; baada ya hapo marekebisho huenda katika ujumbe wa pili unaotaja cha zamani na kipya. Tuseme bodi imeahirisha kikao chake hadi baada ya Pasaka. Fundi ataandika: "Mwalimu, nimepokea kuwa kikao cha bodi kimehama kutoka Jumamosi tarehe 28 Machi hadi Jumamosi tarehe 11 Aprili. Malipo yakifanyika Jumanne tarehe 14 Aprili, madawati yatafika Jumanne tarehe 5 Mei, badala ya 21 Aprili. Mengine yako palepale. Usafiri na malipo ya awali bado hatujaamua."