Kamera Haioni Mawazo: Skripti ya Filamu Fupi Inavyopangwa

Chukua aya kama hii, ambayo mtu mwenye hadithi nzuri anaweza kuiandika akidhani ameanza filamu:

"Zuhura aliingia dukani kwa Bi Rehema, fundi cherehani, akiwa na mawazo tele. Alikuwa hajalala vizuri tangu mchumba wake aondoke kwenda Maskati bila kuaga. Bi Rehema alijua kila kitu ila hakutaka kuuliza."

Ukiisoma kama hadithi, haina ubaya. Ukiipeleka kwa watu wa kupiga filamu, watakutazama tu. Mpiga picha hajui kama ni usiku au mchana. Mchumba hayupo, Maskati haionekani, na anachokijua Bi Rehema kimefichwa kichwani mwake. Mwigizaji naye ataonyeshaje kwamba wiki hizi zote hajalala? Skripti husomwa na watu ambao kila mmoja anatafuta kazi yake humo ndani, na mpangilio wake, ambao wanaoanza huuona kama urasimu, uliwekwa ili kila mmoja aipate haraka.

Sasa aya hiyohiyo ikipangwa:

```
NDANI. DUKA LA BI REHEMA - MCHANA

Chumba chembamba. Vitambaa hadi darini.
Feni inazunguka polepole.

BI REHEMA (58), tepu ya kupimia shingoni,
anakata uzi kwa meno. ZUHURA (24) ameketi
kwenye benchi, anasugua kidole. Alama ya
pete imebaki, pete haipo.

Bi Rehema anashusha gauni jeupe la harusi,
analitandaza mezani.

              BI REHEMA
      Liko tayari tangu Ijumaa.

Zuhura haligusi.

              ZUHURA
      Linaweza kutiwa rangi?

Bi Rehema anamtazama kidole, kisha uso.

              BI REHEMA
      Rangi gani?
```

Mstari wa kwanza ndio kichwa cha sini. Huandikwa kwa herufi kubwa na hubeba mambo matatu kwa utaratibu uleule siku zote: tuko ndani au nje, tuko wapi, na ni mchana au usiku. Waandishi wengi huandika INT. kwa ndani na EXT. kwa nje, kwa kuwa programu nyingi za skripti zimezoea hivyo. Anayeandikia timu ya Waswahili hana sababu ya kuona haya kuandika NDANI na NJE. Kila mahali au wakati ukibadilika, kichwa kipya kinahitajika. Zuhura akitoka mlangoni na kamera ikamfuata barazani, hiyo ni sini nyingine, hata kama ni hatua mbili tu, kwa sababu nje kuna jua, kelele za bodaboda na wapita njia, na hayo yote yana watu wa kuyashughulikia.

Hapa ndipo kosa moja dogo hugharimu siku nzima ya kazi. Mwandishi anaandika DUKA LA BI REHEMA kwenye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu anaandika KWA FUNDI, wa tano CHEREHANI. Yeye anajua ni chumba kimoja. Mwongozaji msaidizi, ambaye kazi yake ni kuzikusanya sini zote za mahali pamoja ili zipigwe kwa mkupuo, anaona lokesheni tatu. Programu nayo itaorodhesha tatu. Jina la mahali likishachaguliwa, libaki hilohilo mpaka mwisho. Tena usiandike SAA 2:10 ASUBUHI pale pa MCHANA. Mpiga taa anataka kujua kuna jua au hakuna. Kama dakika zile zina maana katika hadithi, tundika saa ukutani na uiandike kwenye maelezo.

Maelezo ya kitendo ndiyo yanayofuata, na sharti lake ni gumu kuliko linavyosikika: andika kinachoonekana na kinachosikika, kwa wakati uliopo, basi. Ndiyo maana "alikuwa hajalala" imetoweka, na badala yake kuna kidole kinachosuguliwa. Alama ya pete inabeba mchumba, safari na fedheha yote, na mtu wa vipodozi anajua sasa kwamba ana alama ya kuipaka kabla ya kamera kuwashwa. Maskati haikutajwa. Ikihitajika, itakuja baadaye kwa njia ya barua, simu au mdomo wa jirani. Isipohitajika, mtazamaji hatakuwa amekosa kitu.

Majina ya wahusika yameandikwa kwa herufi kubwa mara ya kwanza tu wanapotokea, pamoja na umri. Kwa njia hiyo, mtu anayetafuta waigizaji hupitisha jicho na kuhesabu anahitaji wangapi. Baada ya hapo Zuhura ni Zuhura wa kawaida. Na aya ziwe fupi, mistari mitatu au minne kwa wingi. Kila aya mpya humfanya msomaji aone picha mpya, kwa hiyo mstari kama "Zuhura haligusi" ukikaa peke yake unapata uzito wake bila mwandishi kupiga kelele. Sioni sababu ya kuandika "kamera inasogea taratibu kwenye uso wake". Katika filamu fupi mwandishi na mwongozaji mara nyingi ni mtu mmoja, nami nimesikia hoja kwamba basi ajiandikie atakavyo. Hata hivyo maagizo ya kamera hukaa vizuri zaidi kwenye orodha ya picha, inayotengenezwa baada ya kuiona lokesheni yenyewe.

Mazungumzo yanashuka katikati ya ukurasa. Jina la msemaji huwa juu kwa herufi kubwa, maneno yake chini yake katika safu nyembamba yenye upana wa kama sentimita 9. Wembamba huo humsaidia mwigizaji kuyaona maneno yake kwa haraka, na humuumbua mwandishi, kwani hotuba ndefu hujionyesha yenyewe kama nguzo ndefu inayoteremka ukurasa mzima.

Lugha yetu ina mtego wake hapa: maamkizi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, wote hawajambo, mama anaendeleaje. Ukiyaandika yote kwa uaminifu, nusu ukurasa umekwisha na hakuna lililotendeka. Ukiyaacha kabisa ni balaa jingine. Msichana wa miaka 24 akiingia kwa mwanamke wa miaka 58 bila shikamoo, mtazamaji wa Tanga au Mombasa hatafikiria gauni tena, atafikiria adabu. Suluhisho limo kwenye sini yetu: Zuhura tayari ameketi. Maamkizi yalipita kabla ya kamera kuwaka. Pale tu ambapo salamu yenyewe ndiyo tukio, kwa mfano shikamoo inayotolewa na isijibiwe, ndipo inapostahili mistari yake.

Pembeni ya jina la msemaji kuna alama mbili ambazo wengi huzichanganya. Tuseme simu ya Zuhura inalia, naye mchumba anazungumza kutoka mbali. Hapo baada ya jina lake huandikwa V.O., kwa maana kwamba sauti inawekwa juu ya picha na mwenyewe hayupo pale. Lakini Bi Rehema akienda chumba cha nyuma na kuita kutoka huko, alama ni O.S.: yupo palepale dukani, ila haonekani kwenye picha. Kwa mtayarishaji, mchumba anaweza kurekodiwa siku nyingine studioni, ilhali Bi Rehema lazima awepo siku ya kupiga, apewe nauli na chakula.

Kisha kuna mabano, mstari mfupi kati ya jina na maneno unaoeleza namna ya kusema. Hapa napendelea ubahili. "(kwa huzuni)" juu ya swali la Zuhura kuhusu rangi ingekuwa matusi kwa mwigizaji, maana huzuni imeshajengwa na kidole na gauni lisiloguswa. Huenda hata akalisema swali hilo kwa ukavu na likachoma zaidi. Mabano yana kazi pale maneno yanapoweza kusomwa vibaya. Jirani anachungulia mlangoni na kusema:

```
              JIRANI
         (kwa dhati)
      Hongera, bibi harusi.
```

Bila mabano hayo, mwigizaji yeyote aliyeisoma sini angeleta kejeli. Hadithi inahitaji kinyume chake: jirani hajui lolote, na wema wake ndio unaoumiza. Mabano hutumika pia kuonyesha anayeambiwa, kama watu watatu wapo chumbani. Yakizidi maneno matano, hicho ni kitendo, kipeleke kwenye mstari wake wa maelezo.

Herufi nazo si suala la urembo. Skripti huandikwa kwa Courier ya ukubwa wa pointi 12, ambayo kila herufi ina upana sawa, na pambizo ya kushoto huwa karibu sentimita 3.8, ya kulia 2.5. Kwa vipimo hivyo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Ni makadirio tu. "Wanapigana" ni neno moja linaloweza kula dakika mbili, na mabishano ya kasi hupita haraka kuliko ukurasa wake. Lakini kwa jumla ya kurasa kumi na tano makosa hayo huelekea kufidiana. Mwongozaji msaidizi huugawa kila ukurasa katika thumni nane na kuhesabu ratiba yake kwa thumni hizo. Urefu nao una mpaka: tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, na *Watu Wote*, filamu ya 2017 kuhusu abiria wa basi la kwenda Mandera iliyoteuliwa kuwania tuzo hizo, ina dakika kama 22.

Asiye na fedha za kununua programu anaweza kutumia Fountain, utaratibu wa bure uliotolewa mwaka 2012, unaokuruhusu kuandika kwenye programu yoyote ya maandishi, hata ya simu, kisha programu inayoutambua ikupangie ukurasa. Wenyewe unazijua INT na EXT, NDANI na NJE hauzijui. Kwa hiyo anza kichwa cha sini na nukta:

```
.NDANI. DUKA LA BI REHEMA - MCHANA
```

Nukta ya mwanzo haitaonekana kwenye karatasi, lakini bila hiyo vichwa vyako vyote vitachukuliwa kuwa maelezo ya kawaida na havitaingia kwenye orodha ya sini. Na ukimaliza, tuma PDF, usitume faili la Word. Likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Courier, herufi hubadilishwa, kurasa nane huwa sita, na hesabu yote ya dakika na thumni huharibika.