Sura ya Sita: Wiki Ijayo, Siku Gani?

Katibu muhtasi anapopokea jibu la "tutaonana wiki ijayo", kishawishi cha kwanza ni kuandika tena: "Siku gani itakufaa?" Swali hilo ni la adabu, lakini linamrudishia mwenzake kazi ileile aliyoikwepa mara ya kwanza. Ili kulijibu, inambidi afungue shajara yake, alinganishe siku na siku, kisha abashiri nafasi ya mtu mwingine asiyemjua. Hana muda huo, ndiyo maana alisema "wiki ijayo". Atakujibu "katikati ya wiki" na utakuwa umesogea kidogo sana. Jibu lisilo na tarehe hufungwa na pendekezo lenye tarehe, ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa kwa neno moja akiwa amesimama kwenye foleni ya benki.

Tuchukue mfano. Kampuni moja ya Dar es Salaam inauza iliki na pilipili manga za Muheza. Mnunuzi wake yuko Maskati, ni mzee wa Kiomani anayezungumza Kiswahili cha Unguja. Siku ya Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, mzee anaandika kwamba bei ameiona na angependa kuzungumza na mkurugenzi "wiki ijayo, inshaallah".

Kabla ya kumjibu, katibu anahesabu wiki hiyo ina siku ngapi hasa. Dar es Salaam ina Jumatatu hadi Ijumaa, lakini Ijumaa hiyo ni tarehe 8 Agosti, Nane Nane, na ofisi imefungwa. Oman hufanya kazi Jumapili hadi Alhamisi, hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo mzee aliposema wiki ijayo huenda alifikiria Jumapili tarehe 3, siku ambayo katibu yuko nyumbani kwake. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi.

Kisha anaingia kwa bosi na maswali matatu: mazungumzo ni ya muda gani, mwisho wake ni siku gani, na je, simu inatosha? Mkurugenzi anasema nusu saa, kwa simu ya video, na yasivuke Jumatano kwa sababu Alhamisi lazima aijibu kampuni ya meli. Sasa siku nne zimekuwa tatu. Jumatatu katibu anaiacha, kwa kuwa mzee anahitaji muda wa kujibu na Dar hakuna mtu ofisini mwishoni mwa juma. Zinabaki mbili. Katika shajara ya mkurugenzi anashikilia nafasi mbili na kuziandikia "haijathibitishwa", ili mtu mwingine asizichukue wakati jibu linasubiriwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Ukipendekeza saa ambayo hujaishikilia, mgeni anakubali, nawe inakubidi umwombe radhi na kuanza upya. Mara ya pili atakujibu polepole zaidi, na ana haki.

Ujumbe anaoutuma ni huu:

"Assalaam alaykum mzee wangu. Mkurugenzi amefurahi kusikia kuwa wiki ijayo una nafasi. Nimekushikilia nafasi mbili, uchague moja. Ya kwanza ni Jumanne tarehe 5 Agosti, saa 5:00 asubuhi kwa Maskati (11:00), ambayo kwa Dar ni saa 4:00 asubuhi (10:00). Ya pili ni Jumatano tarehe 6 Agosti, saa 8:30 mchana kwa Maskati (14:30), ambayo kwa Dar ni saa 7:30 mchana (13:30). Ni nusu saa, kwa simu ya video. Nitazishikilia zote hadi Jumatatu saa sita mchana. Kama hazikufai, nitajie saa yako nami nitaiangalia."

Nafasi ni mbili na ziko siku tofauti, moja asubuhi na moja baada ya Adhuhuri. Pendekezo moja tu husikika kama amri, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri. Matano hurudisha ule ukungu wa mwanzo, na huifungia shajara ya bosi kwa siku nzima. Kuziweka siku tofauti kuna faida nyingine ambayo huonekana jibu linapofika: mzee akiandika "Jumatano" tu, unajua ni saa ngapi, kwa sababu Jumatano ina nafasi moja. Kama ungempa Jumatano asubuhi na Jumatano mchana, neno hilohilo lingekurudisha kwenye kuuliza.

Saa zimeandikwa kwa namna mbili kwa sababu hapa ndipo miadi mingi ya Waswahili huharibika. Ukiandika "saa 4" kwa mtu ambaye simu yake humwonyesha 10:00, mmoja atasoma saa nne asubuhi na mwingine saa kumi jioni, na kila mmoja atakuwa na uhakika. Namba ya saa 24 kwenye mabano humaliza shaka. Maskati iko mbele ya Dar kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ni rahisi. London ni tofauti, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Miadi iliyokubaliwa kabla ya Jumapili hizo kwa siku iliyo baada yake ihesabiwe upya.

Jumapili mchana mzee anajibu: "Jumatano inafaa, inshaallah." Wako makatibu wanaoiogopa inshaallah na kuihesabu kuwa kukwepa. Iangalie imeambatana na nini. "Inshaallah tutaonana" peke yake bado haijafunga kitu. Iliyofuata siku uliyoipendekeza ni ahadi ya muumini, na kuiuliza tena ni kumvunjia heshima.

Hata hivyo miadi haijathibitishwa hadi pande zote mbili ziwe na maandishi mamoja. Katibu anaandika: "Ahsante mzee wangu. Nimeandika Jumatano tarehe 6 Agosti, saa 8:30 mchana Maskati (14:30). Kiungo cha simu kimo kwenye mwaliko niliokutumia." Papo hapo anaifungua nafasi ya Jumanne. Nafasi iliyosahauliwa ikiwa imeshikiliwa ni saa nzuri ya bosi iliyopotea bila mtu kuitumia.

Kama mzee angejibu "zote sawa", katibu angechagua mwenyewe ile ya mapema na kumwarifu, bila kuuliza mara nyingine. Kama angejibu "nitakujulisha", hapo shida si siku. Ama shajara iko kwa mtu mwingine, ama kuna jambo analolisubiri, pengine sampuli haijamfikia. Swali linalofaa ni "Kuna kitu tukutumie kwanza?" na mara nyingi jibu lake hufungua kila kitu.

Jumatatu ikipita saa sita bila neno, apige simu, asiandike. Kwa sauti, mtu mzima husema ukweli haraka kuliko kwa maandishi. Simu isipopokelewa, nafasi ya Jumanne ifunguliwe, ya Jumatano ibaki, na mkurugenzi aambiwe siku hiyohiyo, maana ndiye anayejua kama aipigie kampuni ya meli kuomba siku moja zaidi au amwandikie mzee kwa jina lake mwenyewe.