Bosi Anapobadilisha Masharti ya VPN

Chukulia kampuni ndogo ya uhasibu jijini Dar es Salaam, yenye wafanyakazi wanane. Mafaili ya wateja yamo kwenye seva moja chumba cha nyuma. Kwa muda mrefu kila anayefanya kazi akiwa nyumbani ameyafikia kupitia VPN, kwa akaunti moja ya ofisi na nywila moja wanayoijua wote. Asubuhi moja mwenye kampuni anasambaza barua: "Ndugu wafanyakazi, kuanzia Jumatatu akaunti ya pamoja haitatumika tena." Kila mmoja atapewa akaunti yake, ataingia kwa kompyuta ya ofisi tu, na baada ya nywila ataombwa tarakimu sita kutoka kwenye simu yake. Chai ya saa nne haijaisha, manung'uniko yameshaanza.

Wanaonung'unika wana hoja moja inayosikika vizuri: VPN si ndiyo usalama wenyewe? Ni kweli kwa nusu. VPN hujenga njia ya siri kati ya kompyuta ya nyumbani na ruta ya ofisi, kiasi kwamba mwenye waifai ya mgahawani huona tu kuwa kuna mawasiliano, asiweze kuyasoma. Lakini VPN inayotegemea nywila peke yake haimjui mtu. Aliye na nywila, hata kama ameiiba, huhesabiwa kuwa yumo ndani ya ofisi.

Mei 2021 jambo hilo liliiumiza kampuni ya Marekani ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake hupeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Wahalifu waliyafunga mafaili yake na kudai fidia, nayo kampuni ikalisimamisha bomba kwa siku kadhaa. Wachunguzi waligundua kuwa wahalifu walipitia akaunti moja ya VPN. Akaunti hiyo ilikuwa imeachwa kutumika lakini hakuna aliyeifunga, nywila yake ilikutwa kati ya nywila zilizovuja, na haikudai uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa bitikoini 75, takriban dola milioni 4.4 kwa wakati huo. Serikali ilifanikiwa kurudisha sehemu tu.

Ndiyo sababu ya tarakimu sita. Hutolewa na programu ndani ya simu na hubadilika kila sekunde 30, hivyo mwizi aliyenunua nywila ya mwaka jana hafiki popote. Mwenye kampuni hakutaka zije kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa tapeli anayefanikiwa kuihamisha laini ya mtu huupokea ujumbe huo yeye. Programu haihitaji bando wala mtandao. Inachohitaji ni saa sahihi: simu ikiwa nyuma kwa dakika chache, tarakimu zitakataliwa ingawa nywila ni sawa. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio na kuiacha simu ijirekebishe saa yenyewe. Barua inaongeza onyo ambalo lingestahili wino mzito: "Akikupigia mtu anayejiita fundi wa mtandao akataka zile tarakimu, usimpe, hata akitaja jina langu." Kinga hii haimsaidii anayezisoma kwa sauti kwenye simu.

Usumbufu mwingine hauhusiani na wezi kabisa. Mfanyakazi anaunganisha akiwa nyumbani, VPN inasema imeunganishwa, intaneti inafanya kazi, lakini mafaili hayafunguki. Akiunganisha kwa intaneti ya simu yake, yanafunguka. Hapo fundi anayejua kazi yake huuliza namba kwanza. Ruta nyingi za nyumbani hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na ofisi hii nayo ilianza hivyohivyo. Kompyuta ikiambiwa itafute seva 192.168.1.10, huitafuta humohumo nyumbani, kwenye runinga na simu za watoto, na isiipate. Kuzifuata ruta za nyumba nane ni kujitesa. Barua inasema ofisi ndiyo itakayohama: mwisho wa juma anwani zake zitaanza na 192.168.77, na printa iliyowekewa anwani ya kudumu itapangwa upya.

Sharti la mwisho ni fupi. Simu au kompyuta ikipotea, mwenyewe apige simu saa hiyohiyo, hata usiku, na mtu akiacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyo. Kwa akaunti ya pamoja hili lisingewezekana bila kubadilisha nywila ya watu wote.

Mwenye ofisi anayesoma haya amwombe fundi wake orodha ya akaunti zote za VPN, ailinganishe na orodha ya mishahara ya mwezi huu, na kila jina lisilo na mwenyewe lifungwe leo.